Jedwali la homoni, mzunguko wa siku 35: yai lilitoka lini?

Nuru_K (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwenye swali la fiziolojia ya uzazi lililotugawa kikundi kizima cha kujisomea. Mwanamke ana mzunguko wa siku 35, afya njema, hatumii dawa yoyote ya homoni. Damu imechukuliwa asubuhi, na majibu ni haya. Estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu, iko kwa pg/mL, LH, homoni ya pituitari inayochochea yai kutoka, iko kwa IU/L, projesteroni kwa ng/mL:

Siku ya 3: estradioli 40, LH 5, projesteroni 0.4
Siku ya 14: estradioli 70, LH 6, projesteroni 0.4
Siku ya 18: estradioli 210, LH 9, projesteroni 0.5
Siku ya 20: estradioli 320, LH 24, projesteroni 0.8
Siku ya 21: estradioli 190, LH 61, projesteroni 1.3
Siku ya 22: estradioli 90, LH 17, projesteroni 2.2
Siku ya 28: estradioli 140, LH 6, projesteroni 13.5
Siku ya 34: estradioli 50, LH 4, projesteroni 1.2

Hedhi iliyofuata ilianza siku ya 36. Swali linasema: daktari aliangalia projesteroni ya siku ya 21 peke yake, akaandika kwamba mzunguko huu haukutoa yai. Je, yuko sahihi? Kama hayuko sahihi, yai lilitoka lini? Machaguo ni (a) halikutoka kabisa, (b) siku ya 14, (c) kati ya siku ya 21 na 22, (d) siku ya 28.

Wenzangu wawili wameshikilia (a), mmoja (d) kwa sababu ndipo projesteroni iko juu kabisa. Mimi nimesimama kwenye (c) ila nikiambiwa nieleze kwa nini, nakwama.

Mtafiti Chipukizi

Jibu ni (c), na njia yake ni fupi sana. Chukua urefu wa mzunguko, toa 14. 35 kutoa 14 ni 21. Kwisha. Nusu ya pili ya mzunguko haibadiliki, ni siku 14 kwa kila mwanamke, kinachorefuka na kufupika ni nusu ya kwanza. Na ushahidi ni kwamba projesteroni imeshaanza kupanda siku ya 21, imefika 1.3. Projesteroni haipandi mpaka yai litoke, kwa hiyo asubuhi ile yai lilikuwa limeshatoka.

Mama Wawili

Nuru, mdogo wangu, sisi tulifundishwa siku za hatari ni kuanzia ya 11 hadi ya 17. Kama huyo dada hataki mimba akae mbali na mumewe siku hizo, baada ya hapo hana wasiwasi. Hesabu nyingine mnajichosha bure.

Mkufunzi wa Tezi

Dada Mama Wawili, swali halikuhusu kupanga uzazi, lakini siwezi kuliacha hilo lipite maana kuna mtu atalisoma na kulifuata. Hizo siku 11 hadi 17 zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 hivi, na hata yeye si kila mwezi. Allen Wilcox na wenzake walichapisha mwaka 1995 kazi iliyoonyesha kwamba mimba hutungwa kwenye siku sita zinazoishia siku ambayo yai linatoka. Kwa mwanamke wa jedwali hili, siku hizo sita ni karibu ya 16 hadi ya 21. Kwa kanuni yako angejihesabu salama kuanzia siku ya 18, ilhali hizo ndizo siku ambazo uwezekano wa mimba ni mkubwa kuliko zote.

Sasa Nuru. Jibu ni (c), na Chipukizi amefika huko, ila sababu zake mbili zina kasoro, na mtahini makini atakunyima alama kwa kuziandika.

Ya kwanza ni hiyo 14. Ni makadirio mazuri, si sheria. Muda kutoka yai litoke hadi hedhi ijayo kwa wanawake wenye afya unaweza kuwa siku 11, unaweza kuwa 16. Kama huyu angekuwa na siku 11, yai lingetoka siku ya 24 na hesabu ya kutoa 14 ingekudanganya kwa siku tatu. Hapa umepewa homoni zenyewe, sasa kwa nini ukisie wakati jibu unaliona?

Ya pili ni projesteroni ya siku ya 21. Si kweli kwamba haipandi mpaka yai litoke. LH ikishaanza kufumuka, seli zinazozunguka yai ndani ya folikoli, kile kifuko cha yai, zinaanza kubadilika na kutoa projesteroni kidogo, hata kabla folikoli haijapasuka. Ndiyo maana unaona 0.5, halafu 0.8, halafu 1.3. Kupanda huko kunakwambia LH imeshaanza kazi. Hakukwambii yai limetoka.

Njia iliyo imara ni kusoma mistari ya siku ya 18 hadi 22 kama mfuatano, kila homoni ikimsukuma mwenzake. Estradioli inatoka kwenye folikoli iliyoshinda zile nyingine na kukua. Siku ya 18 imevuka 200. Siku ya 20 iko 320, na hapohapo LH imepanda kutoka 9 hadi 24. Maana yake estradioli imekaa juu ya 200 kwa takriban siku mbili, na muda huo ndio unaohitajika ili ubongo na tezi ya pituitari waache kuizuia LH na kuanza kuimwaga. Siku ya 21 LH iko kileleni, 61, na estradioli imeanza kuanguka. Kutoka LH inapoanza kufumuka hadi yai kutoka ni kama saa 34 hadi 36. Kutoka kileleni ni kama saa 10 hadi 12.

Piga hesabu sasa. Asubuhi ya siku ya 20 LH ilikuwa tayari 24, kwa hiyo ilianza kufumuka saa kadhaa kabla, tuseme usiku wa kuamkia siku ya 20. Ongeza saa 36, unaangukia mchana au jioni ya siku ya 21. Anza upande wa pili: kilele kimeonekana asubuhi ya siku ya 21, ongeza saa 10 au 12, unaangukia jioni ileile. Njia mbili zimekutana. Nami ningeandika: jioni ya siku ya 21, au usiku wa kuamkia ya 22.

Ndiyo maana daktari wa swali amekosea. Alipima projesteroni saa chache kabla yai halijatoka, akashangaa kuikuta ndogo.

Nuru_K

Asante sana mwalimu, nimeelewa mpaka nimewapigia wenzangu. Ila nimebaki na mawili. Kwanza, kitabu kinasema estrojeni inaizuia LH. Ukurasa unaofuata kinasema estrojeni inaipandisha LH. Ni homoni ileile! Pili, siku ya 28 estradioli imepanda tena hadi 140. Mbona LH imekaa 6 tu, haikufumuka mara ya pili?

Mkufunzi wa Tezi

Yote mawili ni kweli, na kinachoamua ni kiasi na muda. Estrojeni ikiwa kidogo, kama siku ya 3 na ya 14, inaishikilia LH chini. Ikipanda sana lakini kwa saa chache tu, bado haitoshi. Lazima ipande na ikae juu, kama siku mbili hivi, ndipo breki inageuka kuwa mafuta. Ukiandika kwenye mtihani "estrojeni nyingi hupandisha LH" bila kutaja muda, umeandika nusu ya jibu.

La siku ya 28 ni zuri kuliko swali lenyewe. Angalia namba iliyo pembeni yake: projesteroni 13.5. Projesteroni inafanya mapigo yanayotoka haipothalamasi kwenda pituitari yaachane kwa muda mrefu zaidi, na inazuia estrojeni isiamshe LH. Kwa hiyo hata estrojeni ikipanda katikati ya nusu ya pili, mlango umefungwa. Ni jambo hilohilo linalotumiwa na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye projestini.

Mtafiti Chipukizi

Mwalimu, naomba nikupinge kidogo kwa heshima. 140 haijafika 200. Hata bila projesteroni LH isingefumuka, kwa hiyo kwenye jedwali hili huwezi kusema ni projesteroni iliyozuia.

Mkufunzi wa Tezi

Pingamizi lako ni halali, kwa namba hizi huwezi kutenganisha sababu hizo mbili. Kinachotufanya tuitaje projesteroni ni kwamba wapo wanawake ambao estradioli yao ya katikati ya nusu ya pili inakaribia 200 au kuipita, na LH bado inalala. Lakini kwa mwanamke huyu peke yake, hoja yako inasimama.

Mtu wa Maabara

Naongezea upande wa kipimo, maana huku ndiko majibu yanakosewa sana.

Hicho kinachoitwa "projesteroni ya siku ya 21" kilipangwa kwa mzunguko wa siku 28. Lengo ni kuipima siku saba hivi kabla ya hedhi ijayo, wakati korpasi luteamu, yaani folikoli iliyogeuka kuwa tezi ya projesteroni, inafanya kazi kwa nguvu zote. Kwa mzunguko wa siku 35 siku hiyo ni ya 28. Tunaletewa fomu imeandikwa "siku ya 21" bila mtu kuuliza mzunguko wa mgonjwa ni wa siku ngapi, na jibu likitoka chini mgonjwa anaambiwa haovuleshi. Mimi siku hizi nikipokea fomu ya namna hiyo nampigia simu aliyeiandika, namuuliza hedhi ijayo inatarajiwa lini. Mara nyingi inabidi aulize upya.

Jambo la pili ni vizio. Ukizidisha ng/mL kwa 3.18 unapata nmol/L. Kwa hiyo 13.5 ya jedwali ni karibu 43 kwa kizio kingine. Kigezo kinachotumika sana ni kwamba zaidi ya 3 ng/mL inaonyesha yai limetoka. Sasa fikiria mtu amesoma kigezo cha 30 nmol/L kwenye mwongozo mmoja, halafu anashika karatasi yenye 13.5 ng/mL bila kutazama kizio. Ataandika "chini" wakati majibu ni mazuri kabisa.

Tena projesteroni ya katikati ya nusu ya pili haitulii. Inatolewa kwa mapigo yanayofuata mapigo ya LH, na ndani ya saa chache damu ya mtu mmoja inaweza kutoa namba zinazopishana mara kadhaa. Namba kubwa inakuthibitishia kitu. Namba ndogo moja haikuthibitishii kinyume chake.

Kipepeo wa Asubuhi

Samahanini kama naingilia. Nimesoma uzi wote kwa sababu unanigusa. Mimi mzunguko wangu hauna mpangilio, mara siku 40, mara 52. Nilianza kutumia vile vijiti vya mkojo vya LH. Vinaonyesha chanya siku nne, tano mfululizo, vinapotea, wiki ijayo chanya tena. Mwalimu anasema yai linatoka saa 36 baada ya LH kuanza kupanda. Sasa mimi nihesabu kutoka chanya ipi? Ina maana natoa mayai mara mbili mbili?

Mtafiti Chipukizi

Dada, hesabu kutoka chanya ya kwanza. Kijiti kikisema chanya LH imepanda, hilo halina mjadala.

Mkufunzi wa Tezi

Chipukizi, hapo subiri. Dada Kipepeo, pole kwa usumbufu huo, na swali lako ni la msingi.

Kijiti hakioni yai. Kinaona kama LH kwenye mkojo imevuka kiwango fulani kilichowekwa na mtengenezaji. Kwa mwanamke ambaye LH yake ya kawaida iko chini, kama huyu wa jedwali mwenye 5 na 6, ni lazima ifumuke kweli ndipo ivuke. Lakini wapo wanawake ambao LH yao iko juu kila siku, hasa wenye ovari zenye folikoli ndogo nyingi zisizokua hadi mwisho. Kwao kijiti kinaweza kuwa chanya bila mfumuko wowote. Na kuna hali nyingine: folikoli inakua, estrojeni inapanda, LH inajaribu kufumuka, inashindwa, folikoli inasinyaa, nyingine inaanza. Hapo unaona chanya, kimya, chanya tena, vilevile unavyoeleza. Kutoa mayai wiki mbili tofauti ndani ya mzunguko mmoja si maelezo ya hali yako, kwa sababu yai likitoka kweli projesteroni ingepanda na kufunga mlango kama tulivyosema juu.

Sikupi ugonjwa kwa kupitia maandishi. Kinachoweza kukupa jibu ni kitu kinachotokea baada ya yai kutoka. Pima joto la mwili kila asubuhi kabla hujaamka kitandani, kwa kipimajoto kilekile. Projesteroni huinua joto kwa kati ya nyuzi 0.3 na 0.5 za Selsiasi na kulishikilia juu mpaka karibu na hedhi. Likikaa juu siku tatu mfululizo baada ya chanya fulani, chanya hiyo ndiyo ya kweli. Wiki moja baada ya hapo pima projesteroni ya damu. Lisipopanda kwa mizunguko kadhaa, peleka rekodi hiyo kwa daktari wa wanawake, na umwombe aangalie pia tezi ya shingo na prolaktini, maana zote mbili huvuruga mzunguko.

Kipepeo wa Asubuhi

Nashukuru sana mwalimu. Nilikuwa naambiwa tu "ni mawazo, tulia". Ila mzunguko huu nimepima joto, linacheza juu na chini kila siku, sioni mpando wowote. Nafanya kazi za usiku, labda ndiyo sababu?

Mtu wa Maabara

Kazi za usiku zinaharibu chati ya joto, ni kweli. Pima unapoamka kwenye usingizi wako mrefu wa siku, saa yoyote itakavyokuwa, mradi umelala saa tatu au zaidi bila kukatizwa. Usipoona mpangilio, achana na joto. Chukua damu kila wiki kuanzia kama siku ya 28 ya mzunguko wako mpaka hedhi itokee. Ukiona moja imevuka 3, umepata jibu.

Daktari Kijana

Naleta ubishi kwenye swali la Nuru. Wote mmekubali (c). Mimi nasema jedwali halithibitishi kwamba yai limetoka, siku ya 21 wala siku nyingine yoyote.

Kuna hali ambapo LH inafumuka vizuri, folikoli inageuka na kuanza kutoa projesteroni, lakini haipasuki. Yai linabaki ndani. Joto linapanda, projesteroni inapanda, hedhi inakuja kwa wakati wake. Kwenye damu huwezi kuitofautisha na mzunguko wa kawaida. Inaonekana kwa ultrasaundi tu, ukimfuatilia mama siku baada ya siku: folikoli ya milimita 20 hivi inatakiwa ipotee au isinyae, na majimaji kidogo yaonekane nyuma ya mji wa mimba. Ikiendelea kuwepo siku mbili tatu baada ya LH kufumuka, haikupasuka. Kwa hiyo ile "zaidi ya 3 ina maana yai limetoka" ni lugha ya mkato. Inathibitisha folikoli imegeuka kuwa tezi ya projesteroni. Basi.

Mtafiti Chipukizi

Sasa hapo utamwambia mwanafunzi ajibu nini? Mtahini ametoa machaguo manne, hakuna la "haijulikani".

Daktari Kijana

Ajibu (c). Kwenye maelezo aandike "inaelekea yai lilitoka", asiandike "lilitoka". Nimemhudumia mama aliyekuwa na projesteroni nzuri miezi mitatu mfululizo, kila mtu akamwambia upande wake hauna shida, mpaka tulipomfuatilia kwa ultrasaundi tukakuta folikoli imebaki pale pale. Mzunguko uliofuata ilipasuka kama kawaida. Kwa hiyo si kwamba alikuwa hivyo daima, ila tulikuwa tumemhakikishia kitu ambacho hatukukiona.

Mkufunzi wa Tezi

Nakubali hali hiyo ipo, na mwanamke mwenye afya anaweza kuipata mzunguko mmoja mmoja. Tunapotofautiana ni uzito wake kwenye swali hili. Mwanamke asiye na tatizo, mwenye mfumuko wa LH wa 9, 24, 61, 17, na projesteroni ya 13.5 siku saba baadaye, mimi ningesema ameovulesha na kuendelea. Ingekuwa ni mama anayetafuta mtoto kwa muda mrefu, ningekuwa upande wako na kuagiza ultrasaundi.

Kuna kingine ambacho hakuna aliyekigusa. Siku ya 19 haikupimwa. Kama LH ilianza kufumuka mchana wa siku ya 19 badala ya usiku, hesabu ya saa 36 inatupeleka usiku wa kuamkia siku ya 21, yaani kabla ya damu ile ya 61 kuchukuliwa. Nimeegemea jioni kwa sababu saa 34 hadi 36 ni wastani na kilele kinaonyesha jioni, lakini kilele chenyewe tumekiona kwa damu moja tu ya asubuhi. Huenda saa sita kabla ilikuwa 80.

Nuru_K

Nimeandika (c), maelezo nimeweka "inaelekea", na hoja ya siku ya 19 nimeiongeza chini. Aliyeshikilia (d) amekubali baada ya kuona estradioli inavyotangulia LH. Mmoja wa wale wawili walioshikilia (a) bado anabisha, anasema kama kigezo ni 3 na siku ya 22 ilikuwa 2.2, basi hata siku hiyo yai lilikuwa halijatoka. Nimjibuje?

Mtu wa Maabara

Mwambie kigezo cha 3 ni cha damu ya wiki moja baada ya yai kutoka, si cha kesho yake. Korpasi luteamu inahitaji siku kadhaa kuvutia mishipa ya damu na kufika nguvu yake kamili. 2.2 kwa saa chache za kwanza ni mahali panapotarajiwa. Akibisha bado, muulize 13.5 ya siku ya 28 ilitoka wapi.